Tano kwa tano: ubishi wa Kimeu na Barasa kuhusu tipu ya uhakika

Wikendi inapokaribia, simu nyingi za Nairobi huingia ujumbe wa aina moja: mechi imepangwa, asilimia mia, hakuna kupoteza, lipa upate jibu. Wengi huufuta. Lakini wapo wanaoambiwa wasilipe chochote kwanza, watazame tu. Wanatazama. Wiki ya kwanza jamaa anapatia, ya pili anapatia, na ikifika ya tano bado hajakosea hata mara moja. Hapo ndipo watu wenye akili timamu huanza kubishana, kwa sababu onyo la kawaida kwamba "hao ni matapeli" halijibu swali walilo nalo: kama ni tapeli, mbona anapatia?

Swali hilo ni la haki na lina jibu kamili. Nitalieleza kupitia hadithi fupi ya marafiki wawili niliowabuni, Kimeu na Barasa, wakiwa kwenye ukumbi wa mpira Kariobangi. Watu hao hawapo, ila hesabu zao ni za kweli, na yeyote anaweza kuzirudia kwa kikokotoo cha simu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno machache ambayo wao hawatasimama kuyaeleza. Tipu ni ubashiri wa mechi anaopewa mtu ili auchezee pesa, na anayeutoa huitwa tipsta. Dau ni pesa unayoweka. Odi ni namba ya kuzidishia dau: ukiweka shilingi 100 kwa odi ya 1.85 na ukashinda, unarudishiwa 185, dau lako likiwa humo ndani. Mkeka ni ile orodha ya mechi ulizocheza kwa pamoja. Halafu kuna ova na anda. Ova 2.5 maana yake mechi itakuwa na mabao matatu au zaidi, anda ni mabao mawili kushuka chini. Ile nusu imewekwa ili pasiwe na sare, mmoja lazima apate na mwingine akose. Ishike hiyo, kwa sababu ujanja wote wa hadithi hii umesimama juu yake.

Basi ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukumbi ni wa mabati, una skrini mbili na mabenchi ya mbao, kiingilio ni shilingi 50, na ubao wa chaki mlangoni umeandikwa mechi za leo. Mechi kubwa ni ya saa moja na nusu, lakini waliowahi wamekwisha kukaa, maana atakayechelewa atatazama amesimama. Kimeu, muuza viatu vya mitumba Gikomba, amekaa benchi la pili na shilingi 8,000 kwenye simu. Ni pesa ya mzigo wa Jumatatu. Barasa, fundi wa simu, amekaa kando yake na anaifahamu pesa hiyo ni ya nini.

"Elfu tatu ni ya tipu," Kimeu anamwambia. "Elfu tano ni dau. Ameniambia ni mechi moja tu, ova au anda, na odi ni 1.85. Nikilipa kabla ya saa moja ananitumia jibu."

"Na wewe unamjua?"

"Simjui, lakini kazi yake naijua. Amenipa mechi tano bure, Jumamosi tano mfululizo. Tano kwa tano, Barasa. Zote nimezitazama hapa hapa ukumbini. Hata moja hajakosea."

Barasa anajaribu njia ya kwanza inayomjia kichwani, ile ambayo karibu kila mtu huijaribu. Anasema ni bahati. Ova na anda ni kama nusu kwa nusu, kwa hiyo hata mtu anayebahatisha anaweza kupatia.

Kimeu si mtu wa kudanganyika na jibu la juujuu. "Kupatia moja ni nusu. Mbili mfululizo ni moja kati ya nne. Tatu, moja kati ya nane. Nne, moja kati ya kumi na sita. Tano ni moja kati ya thelathini na mbili. Sasa niambie, mtu atabahatisha jambo linalotokea mara moja kati ya thelathini na mbili, na litokee kwangu mimi, na awe amenitafuta mwenyewe?"

Hesabu yake haina kosa. Ova 2.5 katika ligi nyingi kubwa hutokea karibu nusu ya mechi, kwa hiyo tano mfululizo ni kama asilimia 3. Jambo la nadra kweli. Anapoteleza Kimeu ni mahali pengine kabisa: anahesabu kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyetumiwa ujumbe.

Barasa anakaa kimya kidogo. Halafu anauliza kitu ambacho mwanzoni kinaonekana hakihusiani na mechi.

"Hizo tipu alikutumia kwenye grupu?"

"Hapana. Ananitumia mimi binafsi, WhatsApp. Hataki grupu, anasema siri itavuja."

"Na alikuambia uhifadhi namba yake?"

Kimeu anamgeukia. "Wewe ulijuaje?"

Barasa alijua kwa sababu ya kazi yake ya simu. WhatsApp ina njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu hadi 256 kwa mpigo. Kila mpokeaji huuona kama ameandikiwa yeye tu, wala haoni wengine waliomo. Ila kuna sharti: ujumbe wa orodha humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya mtumaji. Ndiyo maana maneno ya kwanza ya tipsta wengi si habari ya mpira bali ni "hifadhi namba hii kwanza". Mteja hudhani anaingizwa kwenye uhusiano wa siri, kumbe anaingizwa kwenye orodha.

Barasa anaomba biro kwa kijana wa kiingilio, anapasua kipande cha katoni ya maji, na anaanza kuandika.

Nusu na nusu

"Chukulia wewe ndiwe tipsta," anasema. "Huna habari yoyote ya mechi yoyote. Ulichonacho ni namba za watu 3,200."

"Nimezitoa wapi?"

"Umeweka tangazo Facebook, watu wameacha namba zao wenyewe. Wewe uliacha yako wapi?"

Kimeu hajibu. Barasa anaendelea.

Jumamosi ya kwanza unachagua mechi yoyote. Watu 1,600 unawaandikia ova, 1,600 wengine unawaandikia anda. Mechi ikiisha, lazima nusu yao wameona umepatia. Hawa wengine unaachana nao, au unawawekea siku nyingine kwa jina jipya na namba mpya. Jumamosi ya pili umebaki na watu 1,600 waliokuona umepatia mara moja. Unawagawa tena: 800 ova, 800 anda. Ya tatu unabaki na 800 walioona mbili kwa mbili, nao unawagawa 400 kwa 400. Ya nne una 400, unawagawa 200 kwa 200. Ya tano una 200, unawagawa 100 kwa 100. Jioni ya Jumamosi hiyo ya tano wapo watu 100 hapa mjini ambao wameona kwa macho yao tipsta akipatia tano kwa tano.

"Hao mia hawajadanganywa hata neno moja," Barasa anasema. "Walichokiona ni kweli tupu. Wasichokiona ni wale 3,100 wengine."

Watu wengi wakisimuliwa utapeli wa kamari hudhani lazima kuwe na uongo fulani wa kuukamata: picha iliyochezewa, saa iliyobadilishwa, mshindi bandia. Hapa hakuna. Kila ujumbe aliopata Kimeu ulimfikia kabla ya mechi, haukuhaririwa, na matokeo ni yale yaliyoonyeshwa kwenye skrini. Unaweza kuuchunguza kila ujumbe mmoja mmoja mpaka asubuhi usipate kasoro. Kasoro iko kwenye jumbe ambazo hazikutumwa kwake.

Na ile hesabu ya Kimeu ya moja kati ya thelathini na mbili? Iko sawa sawia: 3,200 gawanya kwa 32 ni 100. Swali alilojiuliza lilikuwa "kuna uwezekano gani hili linitokee mimi?" Swali la kuuliza ni "kuna uwezekano gani limtokee mtu fulani kati ya wote waliotumiwa?" Jibu la hilo la pili ni hakika. Kwa mpangilio huo haiwezekani lisitokee kwa watu mia moja, na kila mmoja wao atajiona aliyechaguliwa.

Kimeu anaitazama katoni. Ameelewa, lakini kuelewa jambo na kulikubali kuwa ndilo lililokupata ni vitu viwili. "Hiyo ni hadithi yako," anasema. "Inaweza kuwa hivyo. Pia inaweza kuwa jamaa anajua mechi. Utajuaje ni ipi?"

Hapo amesema kweli. Kutoka kwenye simu yake peke yake hawezi kujua, kwa sababu tipsta anayejua na tipsta anayegawanya watu huonekana sawasawa kwa yule aliyebaki mwisho. Lazima atafute simu ya pili.

"Tangazo ulilionea wapi?" Barasa anauliza tena.

"Shemeji yangu wa Rongai ndiye alinitumia. Yeye pia aliweka namba."

"Mpigie."

Shemeji anapokea huku kelele za matatu zikisikika nyuma yake. Ndiyo, alijiunga. Jamaa alimpa mechi mbili safi, ya tatu ikakosa, halafu kimya, hata akimwandikia hajibiwi. Barasa anamwomba asome ujumbe wa Jumamosi ya tatu neno kwa neno. Timu ni zilezile, saa ni ileile, "hifadhi siri" ni ileile. Kwa Kimeu iliandikwa ova. Kwa shemeji iliandikwa anda.

Jamaa mmoja wa benchi la mbele, ambaye muda wote alikuwa akijifanya hasikii, anageuka kabisa.

Ushahidi wa aina hii ndio unaofaa kutafutwa: watu wawili walioacha namba mahali pamoja, wakilinganisha jumbe za siku moja. Tofauti moja tu inatosha. Lakini zikifanana si ushahidi kwamba tipsta ni mkweli, maana wawili wanaweza kuangukia upande mmoja wa mgawanyo. Shemeji na Kimeu walifanana mara mbili kabla ya kutengana. Na hii ndiyo sababu halisi ya "usimwambie mtu". Kwa aliyepanga mechi, siri ingelinda mechi. Kwa huyu, siri inawazuia wateja wasiwekeane simu sambamba.

Pesa inakwenda wapi

Kuna sehemu ambayo watu hawaifikii hata baada ya kuelewa mgawanyo, nayo ni kwamba Kimeu hakupiga hesabu ya biashara yake mwenyewe. Barasa anageuza katoni upande wa pili.

Tuseme analipa tipu 3,000, anaweka dau 5,000 kwa odi ya 1.85, na anashinda. Anarudishiwa 9,250. Toa dau lake 5,000, faida ni 4,250. Toa 3,000 za tipu, anabaki na 1,250. Akishindwa, 8,000 zote zimekwenda. Yaani anahatarisha elfu nane apate elfu moja na mia mbili na hamsini, na hapo hatujagusa kodi. Ili mpango huo usimtie hasara angehitaji kupatia zaidi ya mara sita kati ya saba. Anachouziwa ni nusu kwa nusu.

Sasa wachukue wote 100 waliofika mwisho, na tuseme wote wamefanya kama Kimeu. Tipsta anapata 300,000 kabla ya mpira kuanza. Anawatumia 50 ova na 50 anda. Kampuni ya kamari inapokea madau ya 500,000, inawalipa washindi 50 shilingi 9,250 kila mmoja, jumla 462,500, na inabaki na 37,500. Kwa hiyo mifuko ya wale mia, ikijumlishwa pamoja, imepungukiwa na 337,500. Tipsta amechukua sehemu kubwa kuliko kampuni yenyewe, na yeye hakuweka dau hata la shilingi kumi.

Hizo 37,500 za kampuni zinatoka wapi? Kwenye odi. Jambo lenye uwezekano wa nusu kwa nusu, likilipwa kwa haki, lingekuwa na odi ya 2.00. Kampuni inatoa 1.85 upande wa ova na 1.85 upande wa anda, na ile tofauti ndiyo mapato yake. Haihitaji kujua nani atashinda, inahitaji tu watu waendelee kucheza pande zote. Odi ni bei, na kama bei yoyote ya dukani, ndani yake kuna fungu la muuzaji.

Kimeu, ambaye sasa anatafuta mlango mwingine, anasema basi aachane na tipsta acheze "benki" zake mwenyewe: timu tano kubwa, odi ya 1.30 kila moja, mkeka mmoja. Timu ambazo haziwezi kupoteza. Kosa hili ni dada wa lile la kwanza. Odi ya 1.30, ukitoa fungu la kampuni, huwa ni timu inayoshinda kama mara 72 kati ya 100. Inatosha kabisa kuiita ya uhakika ukiwa benchini. Lakini mkeka unataka zote tano, na 0.72 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano inatoa 0.19. Mkeka wa benki tano hupita kama mara 19 kati ya 100. Unalipa odi ya 3.71. Ukicheza mara 100 kwa shilingi 100 umetoa 10,000 na umerudishiwa kama 7,050. Kila mechi inayoongezwa kwenye mkeka inakuja na fungu la kampuni ndani yake, ndiyo maana matangazo hupenda mikeka mirefu.

Lakini mechi za kupangwa zipo

Hili ndilo ngao ya mwisho ya kila mbishi, na Kimeu analishika. "Wewe unasema hakuna anayejua. Mechi zinapangwa, hata hapa kwetu."

Ni kweli. Februari 2020 FIFA ilimfungia maisha mchezaji mmoja aliyekuwa wa klabu ya Kakamega Homeboyz, na wengine watatu wakafungiwa miaka minne, kwa kesi ya upangaji wa matokeo ya ligi ya Kenya. Na Januari 2023 Shirikisho la Soka la Kenya liliwasimamisha wachezaji na makocha kadhaa likichunguza tuhuma za namna hiyo. Anayesema upangaji ni ngano tu hajafuatilia habari.

Tatizo ni kutoka hapo kwenda kwenye simu ya Kimeu. Anayejua matokeo ya mechi iliyopangwa ana bidhaa inayoharibika ikiguswa na watu wengi. Pesa nyingi zikimiminika upande mmoja wa mechi ndogo, kampuni hushusha odi ya upande huo, na zikizidi huifunga mechi kabisa isichezwe. Kila mtu wa ziada anayeambiwa anampunguzia mwenye siri faida yake, na anamwongezea uwezekano wa kukamatwa. Mwenye siri ya kweli anaichezea polepole yeye na wachache wake. Hana sababu ya kuitangaza Facebook kwa 3,000, wakati 3,000 hizo angezipata kwa kuweka dau la kiasi hichohicho mara moja kwa odi ya 2.00.

Mechi kubwa ya skrini ya leo ndiyo ya mwisho kufikiriwa kuwa imepangwa. Wanaofungiwa kwa upangaji kwa kawaida ni watu wa ligi zenye mishahara midogo na kamera chache, ambako mchezaji anaweza kushawishika. Ukiona mtu anauza matokeo ya mechi ya ligi kuu ya Ulaya, na mbaya zaidi matokeo kamili ya mabao, jiulize ni nani hasa kwenye uwanja ule amenunuliwa na amelipwa kiasi gani kuliko mshahara wake.

Ningependa pia kuwatenga tipsta wa aina nyingine, wale wanaochambua mpira kwa bidii. Wapo, na si matapeli. Ila wanachouza ni kitu kidogo sana kuliko neno "uhakika". Kwa odi ya 1.90 mtu lazima apatie zaidi ya 52.6 kati ya 100 ili asipate hasara. Mchambuzi anayepatia 55 ni hodari kwelikweli, na hata hivyo atakosea mara 45, mara nyingine sita au saba mfululizo. Zaidi ya hapo, mbahatishaji asiyejua chochote naye anaweza kufika 55 kwenye mechi 100 bila ya watu kushangaa. Inahitajika rekodi ya mamia ya mechi, zilizoandikwa kabla hazijaanza pamoja na odi zake, ili kumtambua mmoja na mwingine. Picha za mikeka iliyoshinda hazisaidii, kwa kuwa mwenye chaneli ya Telegram anaweza kufuta mikeka iliyoanguka na msomaji asione pengo lolote.

Lipa ukishinda

Imebaki dakika kumi saa moja ifike. Kimeu anafanya jambo la busara, au linaloonekana la busara. Anamwandikia tipsta: nipe jibu sasa, nitakulipa nikishinda. Anamwonyesha Barasa simu kwa ushindi. Kama ni tapeli atakataa.

Jibu linakuja upesi kuliko walivyotarajia. *Sawa kaka, nakuamini. Ova. Ukishinda unitumie 3,000 kabla ya saa nne usiku.*

"Umeona?" Kimeu anasema. "Tapeli gani anatoa mali kwa mkopo?"

Barasa anacheka mpaka jamaa wa benchi la mbele naye anacheka bila kujua kwa nini. Kisha anamsimulia habari ya mganga aliyekuwa akiwauzia wajawazito dawa ya kupata mtoto wa kiume, na ambaye alikuwa mwaminifu kupindukia: mtoto akizaliwa wa kike, pesa ilirudishwa yote, bila maswali. Karibu nusu ya wateja walimdai na akawalipa. Nusu nyingine hawakuwa na la kudai, wakaenda kumsifu sokoni. Mganga alikula nusu ya malipo yote kwa kuuza maji.

"Sasa rudi kwenye katoni," anasema. "Wako mia. Hamsini amewaandikia ova, hamsini anda, wote kwa mkopo. Usiku hamsini watakuwa wameshinda. Watamlipa, tena kwa furaha. Hiyo ni laki moja na nusu. Hamsini walioshindwa hawamdai kitu, kwa sababu hawakumlipa kitu. Nani atamlalamikia? Pesa iliyoungua ni dau lako, na dau lako halikuwahi kuwa shida yake."

Kimeu anaangalia ule ujumbe wa ova, halafu skrini ambapo wachezaji wameanza kupasha misuli. Anaweka dau. Si elfu tano, ni mia mbili, anasema ni za kumfanya aone mechi ina ladha. Barasa hambishii juu ya hilo.

"Lakini hao hamsini," Kimeu anasema, "wale watakaoshinda leo. Watakuwa wameona sita kwa sita, na ya sita wamekula pesa. Nani atawaambia?"

"Hakuna."

"Na Jumamosi ijayo?"

"Jumamosi ijayo bei itakuwa elfu kumi," Barasa anasema, "na ataitaka kabla ya mechi."